Miezi Sita Si Siku 180

Jumanne ya tarehe 15 Julai 2025 niliweka shilingi milioni sita benki kwenye akaunti ya muda maalumu, ile ambayo wengi wetu tunaiita fiksidi. Dada wa kaunta aliniuliza naziweka kwa muda gani. Nikamjibu, miezi sita. Akabonyeza kompyuta yake, akanichapia karatasi, nami nikaikunja bila kuisoma. Kichwani nilishajiandikia tarehe 15 Januari.

Siku hiyo ilipofika, Alhamisi, nilikuwa mlangoni pa benki kabla hawajafungua. Yule dada akatazama kioo chake, akanitazama na mimi. "Mzee wangu, hela yako iliiva tangu tarehe 11. Imeshaanza muda mwingine, hadi Julai." Nikaikunjua karatasi yangu pale pale. Kwenye nafasi ya muda hapakuandikwa miezi sita. Paliandikwa siku 180.

Nilikasirika, lakini hesabu yao ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi, niliyedhani miezi sita na siku 180 ni kitu kimoja.

Mwezi na siku ni vipimo viwili tofauti, na kila kimoja kina njia yake ya kuitafuta tarehe ya kuiva. Muda ukiwa wa miezi, huhesabu siku hata moja. Unachukua namba ya tarehe uliyoweka pesa, unaruka miezi iliyotajwa, unatua kwenye namba ile ile. Tarehe 15 Julai ukiongeza miezi sita ni tarehe 15 Januari, iwe katikati mna miezi ya siku 30 au 31. Huu si mwezi wa kuandama, wala si mwezi wa siku 30 kamili. Ni mwezi wa kalenda ya ukutani, na urefu wake ni ule ule unaoukuta pale.

Muda ukiwa wa siku, namba ya tarehe haina maana tena. Unahesabu siku moja moja mpaka zitimie, na zitakapotimia ndipo pesa imeiva.

Hapa watu hujikwaa kwenye swali dogo: siku ya kuweka pesa nayo inahesabiwa? Haihesabiwi. Mimi hukumbuka kwa kuhesabu usiku. Pesa hulipiwa riba kwa kila usiku iliolala benki. Ukiweka leo kwa siku moja, italala usiku mmoja na kuiva kesho, haiwezi kuiva leo leo. Kwa hiyo tarehe ya kuweka ni sifuri, na kesho yake ndiyo moja.

Basi tuichukue karatasi yangu. Julai ina siku 31, na niliweka tarehe 15, kwa hiyo hadi mwisho wa Julai zilipita siku 16. Ongeza 31 za Agosti, unafika 47. Ongeza 30 za Septemba, 77. Oktoba ina 31, unafika 108. Novemba ina 30, unapata 138. Desemba ina 31, unafika 169. Kutoka 169 hadi 180 zimebaki 11, na hizo zinaangukia Januari. Jibu ni tarehe 11 Januari 2026. Anayeihesabu siku ya kuweka atapata tarehe 10, na atakuwa ameikosa kwa siku moja. Asiyekumbuka urefu wa miezi na akunje ngumi, ahesabu vifundo kama tulivyofundishwa shule ya msingi: kifundo ni 31, bonde ni 30, ila Februari.

Kwa njia ya miezi ningefika tarehe 15, yaani siku 184. Tofauti ni siku nne. Kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ikigawanywa kwa siku 365, milioni sita huzaa takribani shilingi 1,315 kwa siku, hivyo siku nne ni kama 5,260. Si pesa ya kugombania. Kilichouma ni ile tarehe yenyewe. Tofauti hiyo pia haikai mahali pamoja. Miezi sita inaweza kuwa na siku 181 hadi 184, kulingana na ulipoanzia, kwa sababu Februari huingia katika baadhi ya vipindi na kukosekana katika vingine. Aliyeweka tarehe 15 Januari 2025 kwa siku 90 na aliyeweka siku hiyo hiyo kwa miezi mitatu walikutana benki siku moja, tarehe 15 Aprili. Bahati kama hiyo ndiyo inayowafanya watu waamini kwamba mwezi ni siku 30.

Njia ya miezi ina mtego wake mmoja, nao uko mwisho wa mwezi. Ukiweka pesa tarehe 31 Agosti 2026 kwa miezi sita, unatakiwa kutua tarehe 31 Februari, siku ambayo haipo. Kanuni ya kawaida ni kurudi nyuma hadi siku ya mwisho ya mwezi huo, yaani tarehe 28 Februari 2027. Ukiwa mwaka mrefu, kama 2028, unatua tarehe 29. Huvuki kuingia Machi.

Sasa angalia kinachotokea amana hiyo ikiendelezwa kwa miezi sita mingine. Mifumo mingi haikumbuki tena kwamba ulianza tarehe 31. Huanza upya kutoka tarehe 28 Februari na kutua tarehe 28 Agosti. Umepungukiwa siku tatu, na hazirudi tena, kwa kuwa kutoka hapo namba yako ni 28. Kuna mikataba inayosema kwamba amana iliyoanza siku ya mwisho ya mwezi itaiva siku ya mwisho ya mwezi, na hiyo ingekurudisha tarehe 31. Usikisie ni ipi, maana zote mbili zipo. Mimi naona ni rahisi zaidi kutoweka pesa tarehe 29, 30 wala 31. Ukisubiri tarehe mosi, umeukwepa mjadala wote.

Ukishaipata tarehe, uliza ni siku gani ya wiki. Tarehe yangu 11 Januari 2026 ilikuwa Jumapili. Kesho yake, Jumatatu tarehe 12, ilikuwa sikukuu ya Mapinduzi. Hata kama ningejua hesabu barabara, siku ya kwanza ya kuishika pesa mkononi ingekuwa Jumanne tarehe 13. Siku ya kuiva ikiangukia siku isiyo ya kazi, malipo kwa kawaida husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Kama siku hizo za kusubiri zitalipiwa riba, hilo liko kwenye mkataba, na ni swali zuri la kumuuliza dada wa kaunta kabla ya kusaini.

Kwa muda wa siku, Jumapili inaweza kuonekana mapema bila kalenda. Gawanya siku kwa saba, utazame kinachobaki. Mia na themanini kwa saba hubakiza tano, kwa hiyo siku ya kuiva iko siku tano mbele ya siku uliyoweka. Niliweka Jumanne, na siku tano mbele ya Jumanne ni Jumapili. Ningeweka Jumatano ningeangukia Jumatatu. Siku 90 hubakiza sita, hivyo anayeweka Jumatatu kwa siku 90 ataivisha Jumapili kila mara, mwaka wowote. Siku 30 hubakiza mbili, na hapo siku ya kuepuka ni Ijumaa.

Ndiyo maana dhamana za serikali za muda mfupi, zinazouzwa na Benki Kuu ya Kenya na ile ya Tanzania, hazitumii 90 wala 180. Zina siku 91, 182 na 364, na Tanzania imewahi kuwa pia na za siku 35. Namba zote hizo hugawanyika kwa saba bila kubakiza kitu, kwa hiyo dhamana iliyoanza Jumatano huiva Jumatano. Siku hizi nikiambiwa nichague idadi ya siku, naomba 182, benki ikikubali. Hilo halizuii sikukuu, hasa Idi, ambayo huamuliwa na mwezi kuandama na hakuna kompyuta inayoweza kuichapa kwenye karatasi miezi sita kabla. Jumapili, lakini, inazuilika.

Turudi kwenye kosa langu kubwa zaidi, ambalo halikuwa la hesabu. Chini ya karatasi kulikuwa na mstari wa maelekezo: pesa ikiiva ifanywe nini. Palichapwa kwamba iendelezwe yenyewe, na mimi nilisaini. Mimi nilisubiri mlango wa benki ufunguliwe, lakini mfumo hausubiri mlango. Tarehe 11, Jumapili hiyo hiyo, ulianza kuhesabu siku 180 nyingine. Januari zilibaki 20, Februari 28, jumla 48. Machi zikafika 79, Aprili 109, Mei 140, Juni 170, na kumi za mwisho zikaangukia tarehe 10 Julai 2026. Kwa mwaka mzima wa mizunguko miwili, fiksidi yangu ingekuwa imerudi nyuma siku tano, kutoka 15 hadi 10, kwa sababu siku 180 mara mbili ni 360 na mwaka una 365. Mzunguko wa tano ungenikuta tarehe mosi Januari 2028.

Kwa kuwa niliwahi siku ya nne, kuuvunja muda mpya kulinipotezea riba ya siku hizo nne tu. Ningekuja Machi, hasara ingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa riba ya muda uliovunjwa hupunguzwa au kufutwa kabisa.

Mwenye kompyuta anaweza kuhakiki bila ngumi wala vidole. Kwenye jedwali la Excel, andika tarehe ya kuweka pesa kwenye kisanduku A1, kisha moja ya hizi:

```
=A1+180
=EDATE(A1,6)
```

Ya kwanza ni ya siku, ya pili ni ya miezi, na ya pili hujua yenyewe kurudi tarehe 28 Februari ikiikosa 31. Ukiona 46033 badala ya tarehe, usishtuke. Ni tarehe 11 Januari 2026 inayosomwa kama namba tupu, na ukibadili mwonekano wa kisanduku kuwa wa tarehe itajitokeza. Kinachohitaji jicho ni 11/01/2026. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani huisoma kuwa tarehe mosi Novemba, na fomula haitalalamika. Mimi huandika jina la mwezi kwa herufi.

Karatasi yangu ya sasa nimeibandika kwenye mlango wa kabati. Inasema miezi sita, na kwenye mstari wa maelekezo nimeandikisha kwamba pesa ikiiva ihamishiwe akaunti yangu ya kawaida. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, nimeandika tarehe ya kuiva, siku ya wiki, na siku ya kazi iliyotangulia.