Ripoti ya shambani huanzia kwenye kreti ya mishiri

Wanafunzi wa kilimo wanaotafuta nafasi ya atachimenti kati ya Ruiru na Thika hawakosi mashamba. Kuna waridi, parachichi, mananasi, na kuna mishiri, yaani yale maharagwe membamba yanayochumwa yakiwa bado na ganda laini na kusafirishwa Ulaya kwa ndege. Wachumaji wengi huamka mapema katika mitaa kama Kiandutu na kwenda kutafuta kibarua. Mwanafunzi wa Juja anayepanga chumba karibu nao husafiri nao, huchuma nao, na baada ya wiki chache hurudi chuoni kuandika ripoti.

Nyingi ya ripoti hizo hufanana. Kurasa za kwanza hueleza historia ya shamba na ngazi za uongozi. Kisha hufuata orodha: nilipalilia, nilipulizia dawa, nilipanga maboksi. Mwisho ni shukrani. Msomaji hamalizi akijua jambo ambalo meneja wa shamba hakulijua. Ripoti yenye thamani hujengwa juu ya swali moja, tena swali linaloweza kujibiwa kwa mizani, saa na daftari.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi yuko katika banda la kufungashia mboga. Kila siku anasikia supavaiza akilalamika kwamba mishiri ya bloku ya mbali inakataliwa sana kuliko ile ya bloku ya karibu. Kila mtu ana jibu tayari: njia ni ndefu, jua ni kali, mishiri inafika imenyauka. Jibu hilo lina akili ndani yake. Mshiri uliochumwa bado unapumua, na kupumua huko huongezeka maradufu au zaidi kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Ndiyo maana shamba huharakisha kuupeleka kwenye chumba baridi cha nyuzi 5 hadi 7. Ukishuka chini ya hapo kwa siku kadhaa, ganda huota madoa ya rangi ya kutu, kwa hiyo kuongeza baridi zaidi nako si dawa.

Mwanafunzi mvivu angeandika jibu hilo na kupendekeza gari la pili. Huyu wetu anachukua kreti 10 za kilo 10 kutoka kila bloku, siku tofauti, na kupima kilichokataliwa. Halafu anafanya jambo ambalo wengi hulisahau: anagawa kilichokataliwa kulingana na sababu. Ulionyauka hupinda bila kukatika, ilhali ulio mzima hukatika kwa mlio. Ulionenepa haupiti kwenye kipimo cha unene: daraja la juu kabisa huishia kama milimita 6, na linalofuata huishia kama 9. Ulioshambuliwa na vithiripi huwa na mikwaruzo ya rangi ya fedha na mara nyingi hujikunja.

Tuseme amepata hivi. Katika bloku ya karibu, kwa wastani kilo 1 katika kila kreti inakataliwa: gramu 400 kwa unene, 200 kwa kunyauka, 400 kwa vithiripi. Katika bloku ya mbali zinakataliwa kilo 2.2: kilo 1.3 kwa unene, gramu 600 kwa kunyauka, 300 kwa vithiripi. Tofauti ya bloku hizo mbili ni kilo 1.2, na gramu 900 za tofauti hiyo, yaani robo tatu, zinatokana na unene. Jua lina sehemu yake, lakini si sehemu kubwa.

Kwa nini bloku ya mbali inenepe? Mshiri mwembamba huchumwa kila siku au kila baada ya siku mbili, maana haungoji. Mwanafunzi anafungua kitabu cha dawa na kukilinganisha na kitabu cha mavuno. Bloku ile ilipuliziwa dawa mara mbili katikati ya msimu wa kuchuma, na kila mara uchumaji ulisimama mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Maganda machanga yaliyoachwa kwenye mmea yaliendelea kunenepa. Siku ya kurudi, wachumaji walikuta maganda yaliyopita kipimo.

Siku hizo za kusubiri haziwezi kufupishwa. Kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima shehena 1 katika kila 10 za maharagwe mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya masalio ya dawa ya dimethoeti kuvuka kiwango. Kiwango chenyewe kilikuwa miligramu 0.02 kwa kilo. Gharama za upimaji na ucheleweshaji ziliwafikia hata wakulima wadogo ambao hawakuwahi kuiona maabara. Kwa hiyo pendekezo la ripoti haliwezi kuwa kuchuma mapema. Linaweza kuwa kukagua wadudu mara nyingi zaidi ili dawa ipuliziwe kabla ya maua kuwa mengi, au, dawa ikilazimika wakati wa mavuno, ipuliziwe jioni baada ya kuchuma, na iwe ile iliyoruhusiwa na yenye siku chache za kusubiri.

Kivuli nacho akijaribu. Nusu ya kreti za mbali zikae chini ya turubai lenye magunia yaliyoloweshwa, nusu zikae kama kawaida. Tuseme iliyonyauka inashuka kutoka gramu 600 hadi 300. Hiyo ni faida ya kweli, tena kwa gharama ndogo, na ripoti iiseme kwa ukubwa wake: gramu 300 katika kilo 2.2.

Kisha ataje mipaka ya kazi yake. Bloku mbili si jaribio kamili. Huenda zilipandwa wiki tofauti, huenda wachumaji wa kila bloku walikuwa na uzoefu tofauti. Aseme hivyo waziwazi, na aeleze angepima nini kama angepata msimu wa pili.

Sehemu ya tafakuri ndiyo huharibiwa zaidi. Wanafunzi huijaza maneno kama "nimejifunza uvumilivu". Mimi ninayesoma ripoti hizi hutafuta kitu kingine: somo lipi la darasani lilibadilika ulipofika shambani? Darasani kilichokataliwa ni asilimia ya hasara. Shambani kina mwenyewe. Mchumaji analipwa kwa kilo. Mizani ikiwekwa kabla ya kuchambua, hasara ya unene inabaki kwa shamba. Ikiwekwa baada ya kuchambua, mama aliyetoka Kiandutu alfajiri anakatwa ujira kwa sababu ya ratiba ya dawa ambayo hakuipanga. Na pale anapolipwa kwa kilo, kila hatua ya kupeleka kreti kivulini ni dakika asiyolipwa. Kumwita mzembe ni kukosa kuona jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa. Mwanafunzi aliyeandika hayo ameelewa kilimo cha biashara kuliko aliyekariri majina yote ya Kilatini ya wadudu.

Kwa muundo, historia ya shamba itoshe ukurasa mmoja. Kazi za kila siku zibaki kwenye kitabu cha kumbukumbu, kwa kuwa zilishatiwa sahihi huko. Kurasa nyingi zipewe swali, namna ya kupima, majedwali na mipaka. Takwimu za shamba zisitolewe nje bila ruhusa ya meneja.

Nawasihi wanaoanza atachimenti: chagueni swali kabla ya wiki ya tatu, maana mishiri huanza kuchumwa siku 45 hadi 50 baada ya kupandwa, na msimu wa kuchuma ni wa wiki chache tu. Ripoti ikikamilika, nakala moja ipelekwe kwa supavaiza wa bloku, na wachumaji waelezwe matokeo kwa mdomo kabla ya upanzi unaofuata.