Mtoto wa kwanza kutoka: Somo la rede kwa vijana wa Ukonga

Ukipita mitaa ya ndani ya Ukonga saa kumi na moja jioni, jua la Dar es Salaam likiwa limepunguza ukali, hutakosa kiwanja ambacho mwenyewe hajaanza kujenga. Watoto wamechora mistari miwili kwa kisigino. Wawili wanarushiana mpira wa soksi iliyojazwa matambara, wengine wako kati wanaukwepa. Hiyo ndiyo rede. Anayeguswa na mpira anatoka, na wa mwisho kubaki ndiye bingwa.

Tumwache bingwa, tumtafute wa kwanza kutoka. Mara nyingi ni yuleyule: mdogo kuliko wote, au mzito wa mwili, au msichana wa miaka minane aliyembeba mdogo wake mgongoni kwa kanga. Anaegemea ukuta, anachezea vidole, kisha anaondoka pasipo mtu kuona. Kijana anayetaka kujitolea kuongoza michezo ya wadogo zake aanze kufundishwa kwa mtoto huyo, kabla hajashika filimbi.

Dar es Salaam si ngeni kwa kazi hii. Mwaka 2001 Cyprian Maro alianzisha EMIMA, kifupi cha Elimu, Michezo na Mazoezi, ambako vijana walifundishwa kuwa makocha wa vijana wenzao na wadogo zao, katika soka na netiboli, huku wakizungumza nao kuhusu UKIMWI. Nairobi, chama cha MYSA cha mtaa wa Mathare kimekuwa kikiwakabidhi vijana uongozi wa ligi za watoto tangu mwaka 1987. Kote huko kijana amethibitisha kwamba ana uwezo. Ila kujua kucheza ni kitu kimoja na kujua kuchezesha ni kingine, na cha pili hakiji chenyewe.

Tufanye hesabu ya rede moja. Wamekuja watoto 20 wa miaka saba hadi kumi. Wawili wanarusha, 18 wako kati. Tuseme kila nusu dakika anaguswa mmoja. Mchezo utachukua dakika tisa, na aliyeguswa kwanza atasimama nje dakika nane na nusu. Ukijumlisha muda waliosimama nje wote 18 unapata zaidi ya dakika 76, kati ya dakika 162 ambazo wangecheza kama asingetoka mtu. Karibu nusu ya mchezo imekwenda kwa kusubiri, na aliyesubiri kuliko wote ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote. Hakuna aliyemwonea. Kanuni ya mchezo imefanya kazi yake.

Hesabu hiyo mfundishe kijana kwa macho, si ubaoni. Mwenzake anaongoza, yeye anapewa karatasi na kalamu na kuambiwa: chagua mtoto mmoja, usimtoe machoni kwa dakika tano, weka alama kila anapokimbia, kila anaporusha, kila anaposimama bure. Wengi huenda moja kwa moja kwa mtoto mchangamfu. Mkufunzi awaelekeze kwa yule wa ukutani. Karatasi yenye alama mbili tu za kukimbia itamweleza kijana jambo ambalo mahubiri yasingeweza.

Hatua inayofuata ni kubadili kanuni. Wazo la kwanza la vijana huwa kwamba aliyeguswa asitoke, ila abadilishane na mrushaji. Linasaidia, lakini lina kasoro mbili zinazojitokeza muda si mrefu. Mtoto mzito wa kukwepa anageuka mrushaji wa kudumu, kila mtu akijua kwa nini yuko pale. Na mjanja anayependa kurusha anajigusisha makusudi. Kijana akiziona kasoro hizo mwenyewe, na kusimamisha mchezo ili azirekebishe, basi ameanza kuelewa kazi.

Dawa nzuri imo ndani ya rede yenyewe, katika ile aina ya kujaza mchanga kwenye chupa. Wagawe watoto 20 katika viwanja viwili vya watoto kumi kumi. Kila kiwanja kina warushaji wawili, waliosimama hatua kama kumi kutoka mmoja hadi mwingine, na wanane kati. Katikati kuna chupa tupu ya maji ya nusu lita. Wanane wanachota mchanga kwa kiganja na kuujaza huku wakikwepa. Aliyeguswa hatoki: anamwaga mchanga ulio mkononi tu, kisha anaendelea. Kila dakika mbili filimbi inalia na warushaji wawili wapya wanaingia kwa zamu iliyopangwa tangu mwanzo. Chupa ikijaa, wa kati wameshinda pamoja. Mbio bado zina faida, lakini hata asiyejua kukwepa ana kiganja cha mchanga kinachohitajika.

Kabla ya mpira kurushwa kuna uwanja wa kukagua, nao hukaguliwa kwa miguu. Viongozi wanatembea bega kwa bega kutoka ukuta hadi ukuta wakiokota vipande vya chupa, misumari, nyaya na vifuniko vya soda, maana wengi watacheza peku. Mstari wa mwisho usiishie kwenye ukuta wala barabarani. Mtoto anayekwepa hukimbia akiangalia nyuma, kwa hiyo aachiwe nafasi ya kupunguza mwendo. Kama bodaboda hupita kando, kiongozi mmoja asimame upande huo, na mpira ukitoka ufuatwe na yeye, si na mtoto. Shimo la choo au la maji lisilofunikwa vizuri linatosha kuhamisha mchezo.

Mpira uwe laini ukibonyezwa kwa vidole. Wapo watoto wanaoweka jiwe dogo ndani ya soksi ili uende mbali, kwa hiyo ubonyezwe kila siku. Unaorushwa juu ya kiuno hauhesabiwi: kanuni hiyo moja inalinda macho na pua kuliko makaripio kumi. Damu ya pua ikitoka hata hivyo, mtoto akae, ainamishe kichwa mbele kidogo, abanwe sehemu laini ya pua kwa dakika kumi bila kuachia. Desturi ya kumlaza chali humfanya ameze damu. Aliyegonga kichwa hachezi tena siku hiyo hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisinzia kusiko kwa kawaida au akianza kuongea ovyo, mtu mzima ampeleke kituo cha afya mara moja.

Haki nayo huanza kabla ya mchezo, pale timu zinapogawanywa. Desturi ya manahodha wawili kuchaguana ni ya haraka, lakini kuna mtoto atakayesimama peke yake mwishoni, na watoto wote watajua ni nani. Kiongozi aseme: "Kila mmoja atafute mwenzake wa kimo chake." Wakishapata, mmoja anakwenda kiwanja hiki, mwenzake kile. Timu zinalingana na hakuna aliyepangwa mwisho. Ugomvi wa "kaguswa, hajaguswa" usigeuzwe kesi. Neno moja linatosha: "Rudieni." Kama mdogo wake kiongozi yumo, hukumu inayomhusu itolewe na kiongozi wa pili.

Kiongozi mwenyewe asicheze. Hili huwauma vijana wa miaka 15, maana mguu unawasha. Lakini akiingia kati anaangalia mpira, haangalii watoto. Asimame pembeni awaone wote. Anapotoa maelezo, jua limchome yeye usoni, lisiwachome wao. Maelezo yenyewe yawe kanuni tatu, mfano mmoja wa vitendo, raundi moja ya majaribio, basi. Watoto wakianza kurusha mchanga, ujue maneno yamezidi.

Lililo gumu kuliko yote ni adhabu. Wengi wa vijana hawa wamekulia kwenye kichurachura, pushapu na kupiga magoti juani, na wakipewa mamlaka hutoa walichopokea. Kuwaambia "msifanye" hakutoshi, wapewe cha kufanya. Anayesukuma wenzake anaitwa kwa jina lake, pembeni, kwa sauti ya chini. Anakaa na kiongozi wa pili dakika mbili, anaeleza mwenyewe kanuni aliyovunja, anarudi. Mazoezi ya mwili yakitumika kama adhabu yanamfundisha mtoto kuyachukia. Na majina ya utani kama "kibonge" hayatumiki, hata mtoto mwenyewe akicheka, kwa sababu anacheka ili yaishe.

Haya hayakai kichwani kwa kusikilizwa. Katika mafunzo, vijana wanane wanajifanya watoto: mmoja analia, mmoja hasikii, mmoja anadanganya, mmoja anataka kwenda chooni katikati ya mchezo. Wa tisa anaongoza dakika kumi. Suala la choo huwakwamisha wengi. Jibu ni kwamba kiongozi haendi peke yake na mtoto: wanaongozana watoto wawili, na kiongozi anasubiri nje mahali anapoonekana. Vivyo hivyo picha: hakuna kuwapiga watoto picha na kuzirusha mtandaoni.

Mipaka iwe wazi pia. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na haki ya kucheza na kupumzika imetajwa humo. Kwa hiyo kiongozi wa miaka 16 naye ni mtoto, hawezi kuachiwa uwanja peke yake. Kwa watoto 20 wawepo viongozi wawili, na mtu mzima anayejulikana na wazazi akae mahali anapowaona. Mtoto akimnong'oneza dada kiongozi kwamba nyumbani anaumizwa, dada asiahidi kutunza siri wala asimhoji kama polisi. Amsikilize, amshukuru kwa kusema, amweleze mtu mzima huyo siku hiyohiyo, ambaye atafika kwa ofisa ustawi wa jamii au atapiga simu ya bure ya huduma kwa mtoto, 116.

Tumrudie msichana mwenye kanga. Hawezi kukwepa mpira na mtoto mgongoni, na si salama ajaribu. Kumwambia "kamrudishe kwanza" ni kumfukuza, kwa kuwa kumbeba mdogo ndiyo sababu aliruhusiwa kutoka. Mkeka utandikwe kivulini, karibu na alipokaa mtu mzima, mdogo akae hapo, na dada yake acheze kiwanja cha jirani ambako wanaonana. Mdogo akilia, anakwenda na kurudi, nafasi yake ikimngoja.

Giza likikaribia, watoto wanakaa duara na kuulizwa maswali matatu: nini kimetokea leo, wapi pengine jambo kama hilo limewahi kukutokea, na kesho tufanyeje? Ni njia ambayo shirika la Right To Play, lililofanya kazi Tanzania kwa miaka mingi, huitumia katika michezo yake. Kisha wanahesabiwa, kama walivyohesabiwa walipofika na katikati ya mchezo. Walikuja 20. Wakiwa 19, kiongozi aliyefundishwa vizuri hataanza kwa kuita majina. Ataangalia kwanza ukutani.