Mlango Ambao Kipindupindu Hakiuharibu

Bakteria wa kipindupindu hawatoboi utumbo. Hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu inayoingia ndani ya seli, ikaacha milango ya kloraidi wazi kama bomba lililokwama. Kloraidi ikimwagika utumboni, sodiamu huifuata, na maji huzifuata zote mbili. Mgonjwa huharisha maji yanayofanana na ya kuoshea mchele, na akizidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa.

Hata hivyo, mlango mmoja haudhuriwi na sumu hiyo: ule unaopitisha sodiamu pamoja na glukosi. Viwili hivyo vikiingia mwilini, maji huvifuata. Ndiyo maana pakiti ya ORS huwa na chumvi na glukosi, na huchanganywa na lita moja ya maji salama.

Pakiti ikikosekana, hutumika vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Sukari ikizidi, huvuta maji utumboni na kuharisha huongezeka.

Maji hayo hayazuii kuharisha, hurudisha kilichopotea. Mgonjwa aliyelegea na kushindwa kunywa huhitaji dripu mara moja.