Kulainisha ABS kwa Mvuke wa Asetoni

Kifaa cha ABS kikitoka kwenye printa ya 3D huwa na mistari inayohisika kwa ukucha. Asetoni huyeyusha plastiki hiyo, hivyo mvuke wake huisawazisha. Karatasi za jikoni zilizoloweshwa kidogo hutandazwa ndani ya ndoo ya bati, kifaa huinuliwa kisiziguse, kisha ndoo hufunikwa. Hutolewa mara kinapoanza kung'aa. Kikichelewa, kona na maandishi hupotea. Huachwa kikauke hadi kesho yake.

Asetoni isipashwe moto kamwe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na cheche ya swichi yatosha kuulipua. Kazi hii ni ya nje, mbali na jiko.

PLA haiitikii asetoni vizuri. Husuguliwa kwa msasa, kisha hupakwa praima.