Kaunta Mbili, Faili Moja: Kwa Nini SQLite Hukataa Kuandika

Ujumbe wa `database is locked` humkuta muuzaji katikati ya kazi. Mteja amekwisha kulipa, dawa imekwisha kufungwa, lakini programu imegoma kuandika mauzo. Akibonyeza tena, inakubali. Kwa kuwa kosa huja na kutoweka, wengi huizima kompyuta na kuiwasha, wakidhani faili limeharibika. Faili ni zima. SQLite imekataa kwa sababu maalumu, na sababu hiyo hutafutika ikapatikana.

SQLite, iliyoanza mwaka 2000 mikononi mwa D. Richard Hipp, haina seva. MySQL na PostgreSQL zina programu inayokaa katikati, ikipokea maombi ya wote na kuyapanga. SQLite huingia ndani ya kila programu, na kila programu hulifungua faili la data yenyewe. Programu hizo hazijuani. Zinachopatania ni makufuli tu, yanayowekwa juu ya faili kwa msaada wa mfumo endeshi. Na kanuni moja haibadiliki hata uiweke SQLite kwa namna gani: anayeandika ni mmoja kwa wakati mmoja, kwa faili zima. Hakuna kufuli la jedwali moja wala la mstari mmoja.

Tuchukue duka la dawa lenye faili liitwalo `duka.db` kwenye kompyuta moja. Programu nne hulitumia kwa pamoja: mbili za kaunta, moja inayopokea taarifa za malipo ya simu, na moja inayotoa ripoti ya stoo. Ripoti huchukua sekunde nane kusoma kila kitu.

Katika hali ya kawaida ya SQLite, anayeandika hubadilisha faili lenyewe, akiwa amenakili kwanza kurasa za zamani pembeni ili aweze kuzirudisha umeme ukikatika. Kwa hiyo hawezi kukamilisha kazi yake mpaka wasomaji wote watoke, maana angebadilisha kurasa wanazozisoma. Ripoti ya sekunde nane inatosha kuzuia mauzo ya kaunta zote mbili. Juu ya hayo, SQLite yenyewe haisubiri hata kidogo isipoambiwa isubiri: ikikuta kufuli, hurudisha kosa papo hapo. Baadhi ya lugha za programu huongeza subira yao. Python, kwa mfano, hungoja sekunde tano. Ndiyo maana msimbo unaofanana unaweza kuwa mtulivu katika lugha moja na kulalamika katika nyingine.

Mistari miwili huondoa sehemu kubwa ya tatizo:

```sql
PRAGMA journal_mode = WAL;
PRAGMA busy_timeout = 5000;
```

Mstari wa kwanza, uliowezekana tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010, hubadilisha mahali pa kuandikia. Mabadiliko mapya hayaingii `duka.db` moja kwa moja. Huongezwa mwishoni mwa faili la pili, `duka.db-wal`. Ripoti inapoanza, hukumbuka faili hilo lilikuwa limefika wapi, na chochote kinachoongezwa baada ya hapo haikioni. Inasoma picha ya duka la wakati ule, huku kaunta zikiendelea kuuza. Baadaye, kurasa zikifika kama 1,000, SQLite huzihamishia kwenye faili kuu. Mpangilio huu hubaki ndani ya faili, kwa hiyo huuwekwa mara moja. Soma jibu linalorudi: likiwa `wal`, umefaulu, likiwa `delete`, bado uko kwenye hali ya zamani.

Mstari wa pili ni wa kila muunganisho, na hapa ndipo watu huteleza. Ukiuweka kwenye programu za kaunta ukaisahau ya malipo, ya malipo itaendelea kukata tamaa mara moja. Namba ni milisekunde: 5000 ni sekunde tano. Wakati huo wote programu hulala kidogo, hujaribu, hulala tena. Hakuna foleni ya aliyetangulia, hivyo duka likiwa na shughuli nyingi mmoja anaweza kupitwa na wenzake mara kadhaa.

Wengi huishia hapo, kisha hushangaa kosa linaporudi. Sababu inayobaki ndiyo ninayotaka ieleweke kuliko zote. Kaunta ya kwanza inaanza muamala kwa `BEGIN` na kusoma: panado zimebaki boksi 3. Kaunta ya pili nayo inaanza na kusoma: boksi 3. Ya kwanza inaandika 2 na kukamilisha. Sasa ya pili inataka kuandika. Picha iliyonayo imekwisha kupitwa na wakati, na kusubiri hakutaifanya iwe mpya. SQLite hairuhusu, wala haigusi zile sekunde tano. Inakataa hapo hapo. Ndani yake kosa hilo lina jina lake, `SQLITE_BUSY_SNAPSHOT`, lakini kwenye skrini husomeka `database is locked` kama mengine. Ingeruhusu, kaunta ya pili nayo ingeandika 2, na duka lingekuwa limeuza boksi mbili huku stoo ikionyesha moja. Kukataa huko kumeokoa hesabu.

Dawa yake ni kutangaza nia ya kuandika mwanzoni, kabla ya kusoma:

```sql
BEGIN IMMEDIATE;
SELECT idadi FROM dawa WHERE id = 17;
UPDATE dawa SET idadi = idadi - 1 WHERE id = 17;
COMMIT;
```

`IMMEDIATE` huchukua kufuli la kuandika papo hapo. Kaunta ya pili itangoja kwenye mlango wa muamala, ambako subira ya sekunde tano inafanya kazi, na ikiingia itasoma boksi 2 zilizo za kweli.

Kujua una tatizo lipi, pima muda kabla kosa halijatokea. Likija baada ya sekunde tano kamili, kuna programu iliyoshika kufuli muda mrefu. Katika duka letu mtuhumiwa wa kwanza ni ya malipo: inafungua muamala, inaandika, kisha inauliza kampuni ya simu kupitia intaneti kabla ya `COMMIT`. Mtandao ukisuasua, duka zima linangoja. Iulize kampuni kwanza, ndipo ufungue muamala. Kosa likija papo hapo, ama `busy_timeout` haikuwekwa kwenye muunganisho huo, ama umesoma kwanza ukataka kuandika baadaye. Hapo fanya `ROLLBACK` na uanze upya tangu kusoma. Kurudia `UPDATE` peke yake hakusaidii.

Tazama pia ukubwa wa `duka.db-wal`. Likiendelea kuvimba bila kukoma, huenda kuna ripoti iliyoachwa wazi, maana data haiwezi kuhamishwa yote wakati msomaji bado anaitegemea. Na anayetengeneza nakala ya akiba asinakili `duka.db` peke yake, kwani mauzo ya karibuni yanaweza kuwa bado yako kwenye lile faili la pili. Atumie `VACUUM INTO`, inayotoa nakala kamili duka likiwa linafanya kazi.

Haya yote ni kwa programu zilizo kwenye kompyuta moja. WAL hutegemea kumbukumbu ambayo programu hizo zinaitumia kwa pamoja, na kompyuta mbili haziwezi kuishiriki kupitia folda ya mtandao. Kaunta ikihamia kwenye kompyuta nyingine, itume maombi kwa programu iliyo karibu na faili, au duka lihamie PostgreSQL.