Bibi Alisema "Akikosa" au "Akikopa"?

Mwaka 1993, usiku wa kuamkia harusi ya dada yangu mjini Tanga, bibi yetu alikaa kitandani akamuusia bi harusi kwa sauti ya chini, na kamera ya VHS ikanasa maneno yake. Miaka thelathini baadaye tulimpa fundi mmoja ule mkanda auhamishie kwenye kompyuta na atuondolee ule mlio wa "shiii" uliojaa mwanzo hadi mwisho. Aliuondoa kweli. Palipokuwa hapasemwi kitu palikuwa kimya kama msikitini saa nane usiku. Ila bibi naye alisikika kama anayezungumza chini ya blanketi, na sentensi yake moja ikazua ubishi nyumbani: "Mumeo akikopa, mwambie mkiwa wawili."

Shangazi akasema mama yake hakuwa mtu wa kuzungumzia madeni usiku wa harusi. Tukautafuta mkanda wenyewe, tukautia kwenye deki, na pamoja na shiii yake yote bibi akasikika vizuri kabisa: akikosa, si akikopa. Herufi s ilikuwa imefagiliwa pamoja na takataka.

Kisa chake ni hiki. Mkanda umepakwa unga wa sumaku, na chembe za unga huo hazikupangwa sawasawa. Zinapopita mbele ya hedi ya deki, kila moja huchangia kishindo chake kidogo, na vishindo hivyo vikijumlishwa ndiyo shiii. Kwenye VHS za mfumo wa PAL, uliotumika kwetu, mkanda hutembea sentimita 2.34 tu kwa sekunde, wakati kaseti ya redio hutembea 4.76. Tena sauti ya kawaida ya VHS huandikwa kwenye ukingo mwembamba wa mkanda, kwani nafasi kubwa imechukuliwa na picha. Unga kidogo, mwendo wa polepole: shiii lazima iwe kubwa na sauti nyembamba lazima zififie.

Sasa tazama s inavyotamkwa. Haitoki kooni, ni hewa tupu inayopenya kwenye meno, fujo isiyo na noti, na nguvu yake nyingi iko juu ya hezi 4,000. Shiii ya mkanda nayo ni fujo isiyo na noti, na sikio huisikia zaidi huko huko juu. Si bure tunaiita kwa herufi sh. Irabu ziko chini zaidi na zina nguvu, kwa hiyo hazidhuriki. Programu inayosafisha haijui Kiswahili. Inaona fujo na fujo, inapunguza zote mbili. S ikiondoka katikati ya o na a, kinachobaki ni pengo fupi, na p nayo huanza kwa pengo, midomo ikiwa imefungwa. Sikio likakisia "akikopa".

Nikaamua kuirudia kazi mwenyewe, na sehemu kubwa niliimaliza kabla ya kugusa kompyuta. Mkanda aliopewa fundi ulikuwa nakala ya nakala; enzi zile kila jamaa alitaka wake, na kila kunakili huongeza shiii juu ya shiii. Ule wa kwanza ulikuwa kabatini kwa shangazi. Nikasafisha hedi za deki, kisha nikajaribu mkanda kwenye deki ya pili, kwa kuwa hedi ya sauti ikiinama kidogo tofauti na ile iliyorekodi, sauti nyembamba hupotea na hakuna programu itakayozirudisha. Deki ya pili ilitoa s zilizo kali zaidi, na shiii nayo ikawa kali. Usiogope. Ukichagua deki kwa sababu shiii yake ni ndogo, huenda umechagua iliyoziba.

Sauti niliiingiza kwa hezi 48,000 bila kuisafisha, nikaihifadhi kama faili ya WAV, kisha nikaifungua katika Audacity kwa mwonekano wa "Spectrogram", unaochora sauti nene chini na nyembamba juu. Kila s ya bibi ilionekana kama mshale wa wima, na mishale yote iliishia karibu na hezi 9,000. Juu ya hapo ni ukungu mtupu. Basi kukata vyote vilivyo juu ya 10,000 kwa "Low-Pass Filter" hakukunigharimu hata herufi moja. Fundi wetu, kwa nilivyoona kwenye faili lake, alikata karibu na 4,000, yaani chini ya s zenyewe.

Ukungu uliobaki ndio wenye kazi, kwani maneno yamo ndani yake. "Noise Reduction" ya Audacity huhitaji kwanza kuonjeshwa shiii peke yake: unachagua kipande kisicho na maneno, unabonyeza "Get Noise Profile". Wengi huchukua kipande cha mwanzo wa mkanda, kabla picha haijaanza. Hapo hapafai, maana mkanda usiorekodiwa una shiii ndogo kuliko uliorekodiwa. Isitoshe, kamera za nyumbani hujipandishia sauti zenyewe watu wakinyamaza, ndiyo maana pangaboi huvuma zaidi kila bibi anapotua. Nilichukua karibu sekunde moja kati ya sentensi zake mbili, pangaboi likiwa limo.

Kisha viwango. Kwenye "Noise reduction (dB)" niliweka 20 kwa makusudi, nione uharibifu. Shiii ilikwisha, na mahali pake pakaja vilio vidogo vya kumetameta, kama matone yanayodondoka ndani ya mtungi, kila bibi alipofungua mdomo. Ukivisikia hivyo, umezidisha. Nikarudi hadi 8.

Lakini sikio lililosikiliza kwa nusu saa halifai tena kuwa hakimu. Huzoea kuziba kama linavyozoea shiii. Hapo ndipo kitufe cha "Residue" kinapookoa, na nashangaa kwamba wengi hawakigusi. Ukikichagua, programu hukuchezea kile inachokitupa badala ya kile inachokibakiza. Jalala hilo likiwa shiii tupu, endelea. Ukisikia ndani yake mtu akinong'ona ss, sh, f, basi unatupa maneno. Kwenye 20 nilimsikia bibi mzima akinong'ona jalalani. Kwenye 12 zilibaki s chache. Kwenye 8 palikuwa na shiii na pangaboi tu.

Wakati wa kulinganisha kabla na baada, hakikisha ukubwa wa sauti ni sawa, la sivyo kilicho juu zaidi kitakudanganya kuwa ndicho bora. Wala usifupishe faili hata nukta, midomo na maneno vitaachana. Kurudisha sauti kwenye picha bila kuigusa picha, nilitumia ffmpeg:

```
ffmpeg -i harusi.avi -i bibi.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a pcm_s16le harusi_mpya.avi
```

Shiii bado imo, kama mvua ya mbali. Dada aliuliza mbona sikuimaliza. Nikamchezea toleo la fundi, kisha langu, akaacha kuuliza. Faili ghafi lenye fujo zote nimeliweka kwenye diski mbili, na mkanda wa 1993 umerudi kabatini kwa shangazi. Nawe ukimpelekea fundi mkanda wako, mwombe akupe kwanza nakala ambayo hajaisafisha.