Kusoma Jedwali la Kimeng'enya na Joto

Katika jaribio la kawaida la shuleni, amilesi huchanganywa na wanga katika viwango tofauti vya joto, na kila baada ya dakika moja tone la mchanganyiko hupimwa kwa iodini. Iodini isipogeuka tena bluu-nyeusi, wanga umekwisha. Jedwali la mfano linaonyesha dakika 12 kwenye nyuzi 10 za sentigredi, 6 kwenye nyuzi 20, 3 kwenye 30, 2 kwenye 40 na 8 kwenye 50. Kwenye nyuzi 60, wanga ulikuwapo hata baada ya dakika 20.

Mtego mkubwa uko kwenye kichwa cha safuwima: kilichopimwa ni muda, si kasi. Namba ndogo ndiyo kasi kubwa. Kasi hupatikana kwa kugawa 1 kwa muda, hivyo nyuzi 10 hutoa takriban 0.08 na nyuzi 40 hutoa 0.5 kwa dakika.

Swali likisema “eleza mabadiliko”, jibu hutaja mwelekeo pamoja na namba: kutoka nyuzi 10 hadi 30, kasi huongezeka mara 4. Likisema “toa sababu”, ndipo huelezwa kwamba molekuli zenye joto hugongana mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi, na kwamba joto kali huharibu umbo la kimeng'enya kisiweze kushika wanga. Kuandika kwamba “kimekufa” ni kosa, kwa kuwa kimeng'enya ni protini, si kiumbe hai.

Joto linalofaa zaidi nalo si lazima liwe 40 kamili. Jedwali linathibitisha tu kwamba liko kati ya 30 na 50. Kulikaribia zaidi kunahitaji vipimo vya nyuzi 35 na 45.